Ukurasa Umefika, Mbona Hauonekani?

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Kwamba tovuti za Ulaya na Marekani zilikuwa nzito au hazifunguki kabisa, hilo halikuhitaji maelezo. Lakini siku kama zile huleta jambo jingine ambalo haliingii akilini upesi. Mtu yuko Kinondoni. Tovuti anayoifungua imehifadhiwa kwenye seva iliyopo Dar es Salaam hiyohiyo, njia kati ya simu yake na seva hiyo ni nzima, na bado ukurasa unabaki mweupe huku kile kiduara kikizunguka bila kuchoka.

Mtu huyo atalaumu bando, atalaumu simu, atazima data na kuiwasha tena. Mwenye tovuti naye, akipigiwa, atampigia anayemkodisha seva, na huyo atamjibu kwa haki kabisa kwamba seva ni nzima na inajibu. Wote wanatafuta kosa mahali ambapo halipo. Maneno ya habari, kila aya, yameshafika ndani ya simu. Yamezuiwa kuonekana na mstari mmoja uliowekwa juu yao, mstari unaokiagiza kivinjari kiende kwanza kuchukua kitu kwenye seva ya matangazo au ya takwimu za wasomaji iliyo ng'ambo, na seva hiyo haifikiki.

Kivinjari husoma ukurasa kuanzia juu kwenda chini. Kikikutana na aya, huipanga. Kikikutana na picha, huagiza picha hiyo na kuendelea kusoma bila kuisubiri. Skripti ni habari nyingine. Skripti ni maagizo, na kwa sheria za tangu mwanzo wa teknolojia hii, maagizo hayo yanaruhusiwa kuandika maneno mapya palepale yalipowekwa. Kivinjari hakiwezi kujua kinachofuata mpaka kiwe kimeyapata na kuyatekeleza. Kwa hiyo kinasimama. Hata kama nusu iliyobaki ya ukurasa ipo mkononi mwake tayari, hakiipangi. Mstari wenyewe huwa mfupi hivi:

```html
<script src="https://matangazo.example/tangazo.js"></script>
```

Ukiwa sehemu ya juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mwili wa habari, msomaji anaona weupe mtupu. Ukiwa katikati, baada ya aya ya tatu, msomaji anaona aya tatu na chini yake hamna kitu. Hii ni alama nzuri ya uchunguzi kwa fundi: mahali ukurasa ulipokatika ndipo mstari wenye tatizo ulipo.

Sasa, kwa nini jambo hili lichukue dakika nzima au mbili? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba seva iliyokufa ni seva iliyokufa tu. Si kweli. Kuna seva isiyopatikana inayosema haipatikani, na kuna inayonyamaza, na ya pili ndiyo inayoua ukurasa.

Kabla kompyuta mbili hazijazungumza, moja hupiga hodi. Ikiwa jina la seva halipo tena kwenye daftari la majina la intaneti, lile linaloitwa DNS, hodi haipigwi kabisa. Kivinjari kinaambiwa hakuna mwenye jina hilo, kinaandika `ERR_NAME_NOT_RESOLVED` na kuendelea na kazi. Ikiwa seva ipo lakini huduma imezimwa, hodi inajibiwa kwa kukataliwa, `ERR_CONNECTION_REFUSED`, na hilo nalo huisha ndani ya muda mfupi sana. Kivinjari kikishapewa jibu la hapana, kinaiacha skripti hiyo na kusoma aya inayofuata. Msomaji hajui hata kama kulikuwa na tatizo, isipokuwa tangazo halionekani.

Lakini mkongo ukikatika, pakiti ya hodi huweza kupotea njiani bila mtu wa kuirudisha. Ndivyo ilivyo pia seva inapozidiwa na wageni ikashindwa kuitika, au mtambo wa usalama wa benki, chuo au ofisi ulipowekwa uzitupe kimyakimya pakiti zote zinazoelekea kwa kampuni za matangazo badala ya kuzikataa waziwazi. Kimya hakina maana moja. Kinaweza kuwa ni umbali, kinaweza kuwa ni msongamano. Kivinjari hakijui, kwa hiyo kinasubiri.

Mila zetu zinasema ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, ondoka. Kompyuta nyingi zimewekewa subira kubwa zaidi. Linux, ambayo ndiyo mzizi wa simu za Android, kwa miaka mingi imekuwa na mpangilio huu: hodi ya kwanza, kisha nyingine baada ya sekunde 1, kisha baada ya 2, 4, 8, 16 na 32, na baada ya ile ya mwisho kungoja sekunde 64. Jumlisha, utapata sekunde 127. Windows kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 21 hivi, na Mac baada ya 75. Firefox ina kikomo chake yenyewe cha sekunde 90. Ndiyo maana watu wawili waliokaa meza moja wanaweza kubishana: mwenye kompyuta ndogo ya Windows anasema ukurasa umechelewa kidogo ukafunguka, mwenye simu anaapa kwamba haufunguki kabisa. Wote wanasema kweli, ila huyu wa pili aliufunga kabla ya dakika mbili kwisha. Nani angesubiri?

Tuufuate ukurasa mmoja hatua kwa hatua. Chukua gazeti la mtandaoni lenye seva Dar es Salaam. Juu ya ukurasa kuna faili la mitindo la gazeti lenyewe, chini yake mstari wa matangazo unaoelekea seva ya nje, kisha mstari wa takwimu, kisha kichwa cha habari na mwili wake. Msomaji anabofya. Ndani ya nusu sekunde ukurasa mzima umeshuka kwenye simu. Kivinjari kinatangulia kuuchungulia wote, kinaona skripti mbili, na kinapiga hodi kwa seva zote mbili kwa pamoja. Hii ni hekima iliyoongezwa kwenye vivinjari ili kuokoa muda, na hapa inasaidia: seva zote mbili zikinyamaza, vipindi vya kusubiri vinaenda sambamba badala ya kufuatana. Sekunde ya 1, hodi ya pili. Sekunde ya 3, ya tatu. Sekunde ya 7, ya nne. Msomaji wa kawaida ameshaanza kuuvuta ukurasa kuuburudisha, na akifanya hivyo kivinjari kinaweza kuanza mchakato huu upya tangu mwanzo. Kila mara anapokosa subira, anaweza kuwa anaisogeza mbele siku ya kuona habari yake.

Hekima hiyo ya kuchungulia ina mpaka. Matangazo mengi ya zamani hayakuandikwa kwenye ukurasa moja kwa moja; skripti ya kwanza ikifika ndiyo inayoandika mstari wa skripti ya pili, kwa agizo la `document.write`, na ya pili huenda ikaita ya tatu. Kivinjari hakiwezi kuchungulia kitu ambacho hakijaandikwa bado. Hapo kusubiri kunapangwa foleni, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 watengenezaji wa Chrome waliona madhara yake kwa watu wa mtandao wa 2G kuwa makubwa kiasi kwamba waliamua kivinjari chao kiwe na uwezo wa kukataa kabisa skripti za watu wa nje zinazoletwa kwa njia hiyo, pale simu inapokuwa kwenye 2G.

Ugonjwa huu ni wa zamani, na dawa yake ya kwanza ni ya zamani vilevile. Google Analytics, huduma ya takwimu iliyoenea kuliko nyingine nyingi, ilipoanza mwaka 2005 ilitumia mstari wa kawaida unaosimamisha kila kitu. Desemba 2009 Google ilitoa mstari mpya usiosimamisha usomaji. Mwaka 2010 Steve Souders, mtaalamu wa kasi za tovuti, aliandika waziwazi kwamba skripti ya mtu wa nje inaweza kuwa sehemu moja ambayo ikikatika inaangusha ukurasa wote. Patrick Meenan, aliyetengeneza chombo cha kupimia kasi kiitwacho WebPageTest, akaweka seva maalumu ambayo kazi yake pekee ilikuwa kupokea hodi na kutoitikia, ili watu wazielekeze skripti zao huko na kuona kitakachotokea. Aliipa jina la shimo jeusi: `blackhole.webpagetest.org`.

Kisha likaja funzo la nchi nzima. Katikati ya mwaka 2014 China ilizifunga karibu huduma zote za Google. Waliotumia utafutaji wa Google walijua kilichotokea. Lakini tovuti nyingi za dunia, ambazo hazikuwa na ugomvi wowote na serikali ya China, zilikuwa zikichukua herufi za maandishi kutoka `fonts.googleapis.com` na skripti za kawaida kutoka `ajax.googleapis.com`. Hazikufungwa, ila hazikufunguka vizuri. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Wuhan au mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeko Guangzhou akitaka kusoma habari za nyumbani alikuta tovuti ile inafunguka kwa mapumziko marefu, na anayeiendesha tovuti hiyo huko Dar es Salaam, kila akiifungua yeye, anaiona sawa kabisa. Naeleza hili kwa sababu linavunja dhana moja iliyoota mizizi: kwamba kampuni kubwa haiwezi kupotea. Si lazima ipotee. Inatosha isifikike kutoka mahali alipo msomaji wako.

Dawa yenyewe ni neno moja, `async`, linaloongezwa kwenye mstari ule:

```html
<script async src="https://matangazo.example/tangazo.js"></script>
```

Neno hilo linakiambia kivinjari kiagize skripti na kiendelee kusoma. Seva ikinyamaza, habari inapangwa na kuonekana. Leo kampuni nyingi za matangazo na takwimu hutoa mstari wenye neno hilo tayari, na kwa sababu hiyo mafundi wengi wanaamini kwamba tatizo limekwisha. Halijaisha. Limehama, na kwa maoni yangu sura yake mpya ndiyo inayowasumbua zaidi wasomaji wetu hivi sasa.

Kivinjari kina matangazo mawili ya ndani kuhusu ukurasa. La kwanza, `DOMContentLoaded`, hutolewa pale maandishi yote yanapokuwa yameshasomwa na kupangwa. La pili, `load`, hutolewa pale kila kitu kilichoagizwa kimefika au kimeshindikana: picha, mitindo, na skripti zote, pamoja na zile zenye `async`. Kiduara kinachozunguka juu ya kivinjari hufuata tangazo hili la pili. Kwa hiyo seva ya matangazo ikinyamaza, msomaji anaweza kuwa anasoma habari vizuri kabisa huku kiduara kikizunguka dakika mbili. Hilo lenyewe ni kero ndogo.

Ubaya ni kwamba tovuti nyingi zilizojengwa kwa mandhari za kununua, hasa za WordPress, zina pazia lao zenyewe. Ukifungua, unaona nembo ya kampuni katikati ya skrini na vidoti vinavyorukaruka, kisha pazia linaondoka. Pazia hilo ni sehemu ya ukurasa, limechorwa juu ya habari ambayo tayari iko chini yake. Na katika mandhari nyingi, skripti inayoliondoa imeambiwa isubiri `load`. Sasa unganisha mambo haya mawili. Fundi ameweka `async` kama alivyoshauriwa. Maandishi yamepangwa, picha zimefika, kila kitu kipo. Seva moja ya takwimu huko nje haiitikii hodi. `load` haitolewi. Pazia haliondoki. Msomaji anatazama vidoti vikirukaruka juu ya habari iliyokamilika, na hakuna namna ya kulisogeza pazia hilo.

Nimeliona hili kwenye tovuti za shule, za halmashauri, za hoteli, za makampuni ya usafirishaji, na kila mara linanikera, kwa sababu pazia hilo halimfanyii msomaji kazi yoyote. Liliwekwa ili ukurasa uonekane nadhifu unapofunguka. Mzazi anayetafuta tarehe ya kufungua shule hahitaji unadhifu huo. Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye tovuti ni kuliondoa kabisa. Asiyeweza, basi alifunge kwenye `DOMContentLoaded` badala ya `load`, na juu ya hapo aliwekee muda wa mwisho, sekunde mbili au tatu, ambao ukifika pazia linaondoka liwe limeitwa au halikuitwa. Katika kufanya hivyo ajihadhari na neno `defer`, ambalo baadhi ya mafundi huliweka mahali pa `async` wakidhani ni kitu kilekile. Skripti yenye `defer` haizuii maandishi kupangwa, lakini inaizuia `DOMContentLoaded`. Kwa skripti ya mtu wa nje, hiyo ni kuirudisha foleni kwa mlango wa nyuma.

Muda wa mwisho si wazo langu. Google walipokuwa na huduma ya majaribio ya kurasa iitwayo Optimize, iliyofungwa Septemba 2023, walitoa kipande cha kuuficha ukurasa mpaka skripti yao ifike, na kwa kawaida kilikuwa na kikomo cha sekunde 4. Kurasa za AMP nazo zilifichwa kwa mpango wa namna hiyo, kikomo sekunde 8. Unaweza kubisha kama sekunde 8 za weupe ni halali kumfanyia mtu, na mimi ningebisha. Lakini walioandika kanuni hizo walijua kwamba siku moja seva yao haitafikika, wakaandika mstari wa kumfungulia msomaji.

Njia salama zaidi kwa takwimu na matangazo ni kuyaita baada ya ukurasa kumaliza kila kitu chake:

```js
addEventListener('load', function () {
  setTimeout(function () {
    var s = document.createElement('script');
    s.src = 'https://matangazo.example/tangazo.js';
    document.head.appendChild(s);
  }, 0);
});
```

Hapa `load` imeshatolewa kabla hodi haijapigwa, kwa hiyo kimya cha seva ya nje hakina cha kushikilia. Wauzaji wa matangazo watakwambia kwamba unapoteza baadhi ya maonyesho, kwa kuwa msomaji wa haraka anaweza kuondoka kabla tangazo halijafika. Ni kweli, na ni gharama halisi kwa gazeti dogo linaloishi kwa matangazo. Pima gharama hiyo dhidi ya wasomaji walioondoka wakiwa hawajaona hata kichwa cha habari. Hao hawaonekani kwenye takwimu zako, maana skripti ya kuwahesabu ndiyo ileile iliyoshindwa kufika.

Kujua kama tovuti yako ina ugonjwa huu, usingoje mkongo ukatike. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa, bonyeza F12, nenda `Network`, kisha upakie upya. Siku ya tatizo, mstari wenye kosa utaandikwa `(pending)` wakati mingine yote imekamilika, na jina la seva litakuwa si lako. Lakini siku ya kawaida kila kitu kitaonekana kizima, kwa hiyo inabidi ukinyamazishe kitu mwenyewe. Watu wengi hapa hutumia kile kitufe cha kivinjari cha kuzuia anwani fulani, wanaona ukurasa unafunguka, wanaridhika. Jaribio hilo halipimi kitu, kwa sababu kuzuiwa na kivinjari ni jibu la hapana linalotolewa papo hapo. Ndiyo sababu hiyohiyo wenye programu za kuzuia matangazo hawaoni tatizo hili.

Unachohitaji ni kimya. Kwenye kompyuta ya Linux, ongeza kwenye faili la `/etc/hosts` mstari unaolipa jina la seva ya matangazo anwani `192.0.2.1`, ambayo imetengwa kwa mifano na haina mwenyewe kwenye intaneti. Kisha zitupe pakiti zinazoelekea huko:

```
sudo iptables -I OUTPUT -d 192.0.2.1 -j DROP
```

Funga kivinjari, kifungue tena, kisha nenda kwenye ukurasa wako ukiwa na saa mkononi. Maandishi yakionekana kama siku zote na viungo vikabonyezeka, uko salama kwa seva hiyo. Rudia kwa kila jina la nje lililomo. Ukiona weupe, au pazia lenye vidoti, endelea kuhesabu sekunde mpaka lifunguke. Ukimaliza, futa mstari ule kwenye `/etc/hosts` na uondoe agizo kwa kuweka `-D` mahali pa `-I`.